Akaunti Imefungwa: Namna ya Kuijibu Amazon

Barua ya kufungiwa akaunti ya kuuzia Amazon ni fupi kuliko mtu anavyotarajia. Inasema akaunti imesimamishwa, inataja kifungu cha 3 cha mkataba wa muuzaji, inaeleza kwa sentensi moja au mbili kosa ni la aina gani, kisha inaomba maelezo na nyaraka. Papo hapo bidhaa zako zote hutoweka machoni pa wanunuzi. Fedha zilizokuwa njiani kuja benki huzuiwa, kwa kawaida siku 90. Mzigo uliokwisha kuupeleka kwenye maghala yao unabaki humo humo, na kodi ya ghala inaendelea kuhesabiwa.

Watu wengi hukimbilia kuandika usiku huohuo. Wanalalamika, wanaeleza kwamba wana watoto wanaosoma, wanaapa kwamba hawajawahi kuuza kitu feki. Asubuhi wanapata jibu kwamba maelezo hayatoshi. Wanaandika tena yaleyale kwa maneno makali zaidi. Baada ya majibu kadhaa ya namna hiyo mlango unazidi kuwa mzito, na si kwa sababu anayesoma ana roho mbaya. Hakuna hata barua moja iliyojibu alichoulizwa muuzaji.

Nimeichagua Amazon kwa sababu ndiyo soko la mtandaoni ambako Waswahili wengi wa Marekani na Uingereza hufungua biashara ndogo ya pembeni, na kwa sababu utaratibu wake wa rufaa umeandikwa wazi kuliko wa masoko mengi. Zaidi ya nusu ya bidhaa zinazouzwa humo si za Amazon yenyewe. Ni za wafanyabiashara wa nje, wakubwa kwa wadogo. Kwa wingi huo hakuna afisa anayekufahamu. Akaunti inahukumiwa kwa takwimu na kwa maneno ya wanunuzi, na binadamu huingia baadaye sana, pengine kwa dakika chache tu.

Sababu za kufungiwa zinagawanyika katika mafungu matatu, na mawili nitayapita haraka. La kwanza ni utendaji. Muuzaji anayesafirisha mwenyewe hutakiwa asizidishe asilimia 1 ya oda zenye kasoro, asilimia 4 za oda zilizochelewa kutumwa, na asilimia 2.5 za oda alizozifuta kabla ya kutuma. Hesabu hizi unaziona kila siku kwenye ukurasa wa Account Health, kwa hiyo anayefungiwa kwa sababu hii mara nyingi aliiona ikija.

La pili ni utambulisho. Jina la kwenye akaunti halilingani na la benki, anwani ni ya zamani, au akaunti yako imeunganishwa na nyingine iliyofungwa. Hili la mwisho linawaumiza sana ndugu wanaoishi nyumba moja ughaibuni. Shemeji yako alifungiwa miaka miwili iliyopita, wewe unatumia intaneti ileile na kompyuta aliyokuachia, na mtambo unahitimisha kwamba nyinyi ni mtu mmoja. Marekani pia kuna sheria ya INFORM Consumers, iliyoanza kutumika Juni 27, 2023. Inalitaka soko likusanye na kuthibitisha taarifa za benki, kodi na mawasiliano za kila muuzaji aliyefikisha mauzo 200 na dola 5,000 ndani ya miezi 12. Ukipuuza barua ya uthibitisho huo, soko linalazimika kukusimamisha. Dawa yake ni nyaraka sahihi. Ufasaha wa barua hausaidii kitu.

Fungu la tatu ni malalamiko kuhusu bidhaa yenyewe, na hapo ndipo rufaa nyingi hufia. Mnunuzi anaporudisha kitu huchagua sababu kutoka kwenye orodha, na akipenda anaongeza maneno yake. Boksi likifika limefunguliwa ataandika kwamba ameuziwa kilichotumika. Rangi ikiwa tofauti kidogo na ya picha ataandika kwamba ni feki. Mtambo unasoma maneno hayo. Yakijirudia kwenye bidhaa moja, unafungua shauri la aina mojawapo: uhalisi wenye shaka, au kilichotumika kuuzwa kama kipya.

Wauzaji wengi hulichukua shauri la uhalisi kama tuhuma ya kughushi. Sivyo. Mwenye chapa akidai kwamba umeuza bandia ya bidhaa yake, hilo ni shauri jingine, na linamalizwa kwanza na yeye kwa kuondoa dai lake. Katika shauri la uhalisi Amazon haijasema kwamba bidhaa yako ni bandia. Inasema haioni imetoka wapi, na inataka kuoneshwa njia kutoka kwa mwenye kuitengeneza hadi kwako. Barua ya kuapa kwamba bidhaa ni halisi haina kazi yoyote hapo, hata kama kila neno ni kweli.

Njia hiyo inaoneshwa kwa ankara. Iwe imetolewa ndani ya siku 365 zilizopita, iwe na jina, anwani na simu ya msambazaji, na iwe na jina na anwani yako kama zilivyo kwenye akaunti. Majina ya bidhaa yasomeke waziwazi, na idadi ilingane na ulichouza. Bei unaruhusiwa kuifunika. Risiti ya dukani haikubaliki kwa kawaida, maana inathibitisha kwamba ulinunua kama mteja wa mwisho, na baada ya hapo bidhaa ingeweza kupita popote. Ankara ya awali, ile ya makadirio inayotolewa kabla ya malipo, nayo haitoshi, wala orodha ya mzigo. Wanaonunua Guangzhou au Deira kupitia wakala wanajua taabu hii. Wakala anakupa karatasi yenye jina lake na jumla ya makatoni, huku kiwanda hakitajwi popote. Kwa forodha ya nyumbani huenda ikapita. Kwa shauri la uhalisi haipiti.

Tumchukulie muuzaji wa kubuni anayeishi Ohio. Anauza chupa za chai za chapa inayojulikana, na mzigo wake ameuweka kwenye maghala ya Amazon, ambao ndio wanaofunga na kusafirisha. Katika miezi 12 ameuza chupa 140. Anafungiwa kwa mashauri mawili kwa pamoja, uhalisi wenye shaka na kilichotumika kuuzwa kama kipya. Akiulizwa atasema kwamba chupa ni za kweli na hajawahi kufungua hata boksi moja, na atakuwa anasema kweli.

Kabla ya kuandika chochote anapaswa kufanya uchunguzi wake mwenyewe, na vifaa anavyo. Kwenye Seller Central kuna ripoti ya bidhaa zilizorudishwa kutoka maghalani. Ndani yake kila kilichorudi kina mstari wake, na safu tatu za mstari huo ndizo za kusoma kwa makini: `reason`, yaani sababu aliyochagua mnunuzi; `customer-comments`, maneno yake mwenyewe; na `detailed-disposition`, hali ambayo ghala liliipa bidhaa ilipofika. Muuzaji wetu anakuta chupa 9 zilirudi. Katika mistari 4 sababu ni `DEFECTIVE` au `NOT_AS_DESCRIBED`, na maneno ya wanunuzi yanafanana: boksi lilikuwa wazi, kifuniko kina alama, stika ya bei ya duka bado ipo. Halafu anatazama safu ya tatu. Kati ya hizo nne, mbili zimeandikwa `SELLABLE`. Ghala lilizitazama kwa nje, likaona zinauzika, likazirudisha rafuni, na mnunuzi mwingine akauziwa kama mpya.

Hapo amepata chanzo kimoja. Cha pili kimo katika maneno "stika ya bei ya duka". Anatafuta karatasi zake za manunuzi. Chupa 96 alizinunua kwa msambazaji aliyeidhinishwa na mwenye chapa, katika ankara mbili. Chupa 80 alizinunua kwenye maduka makubwa yaliyokuwa yakimaliza stoki, kwa bei ya kutupa, na anazo risiti tu. Jumla 176, zimeuzwa 140, zimebaki 36. Zote aliziingiza ghalani kwa namba moja ya bidhaa, kwa hiyo leo hakuna anayeweza kusema chupa ipi ilitoka wapi. Chupa ya dukani huenda ilikwisha kununuliwa na mtu, ikarudishwa, ikawekwa tena kwenye rafu la bei nafuu. Yeye asingejua, kwa sababu hakukagua.

Kuna kishawishi katika hatua hii. Ankara zake zinafika chupa 96, mauzo ni 140, pengo ni 44. Mitandaoni wapo wanaojiita wataalamu wa rufaa, na baadhi yao kwa ada ya dola mia kadhaa watakutengenezea ankara ya kuziba pengo, au watabadilisha namba kwenye ile uliyonayo. Nasema bila kumung'unya maneno: huo ndio mwisho wa akaunti. Wakaguzi humpigia msambazaji simu, huangalia tovuti yake na anwani yake, na hutazama faili lenyewe. Waraka ukionekana umechezewa, shauri linageuka kuwa la udanganyifu, na la namna hiyo karibu halina rufaa. Pengo la chupa 44 lina maelezo ya kweli, na maelezo ya kweli yanaweza kukubalika. Ankara ya kughushi haina maelezo.

Sasa barua. Amazon inaomba mpango wa utekelezaji wenye sehemu tatu: chanzo cha tatizo, hatua ulizokwisha kuchukua, na hatua zitakazozuia lisijirudie. Sehemu inayoamua ni ya kwanza, kwa sababu zile mbili zinazaliwa nayo. Hii ni rufaa ya namna ninayoiona mara kwa mara:

"Wapendwa Amazon, nimekuwa muuzaji mwaminifu kwa miaka mitatu na wateja wangu wananipenda. Chanzo cha tatizo ni wateja wachache waliolalamika kimakosa. Nimeongea nao na nimewarudishia fedha. Naahidi kuwa makini zaidi siku zijazo. Tafadhali fungueni akaunti yangu, familia yangu inanitegemea."

Msomaji wa barua hii hana la kushika. Malalamiko ya wateja yametajwa kama chanzo, ilhali ni dalili tu. Swali ni kwa nini malalamiko yalitokea, na jibu lake linapaswa kuwa jambo lililokuwa mikononi mwa muuzaji: namna anavyonunua, anavyokagua, anavyoingiza mzigo ghalani. "Kuwa makini zaidi" hakuwezi kupimwa na mtu yeyote. Familia ni jambo la kweli na zito, lakini mkaguzi hakuulizwa habari zake. Yeye ameulizwa kama mnunuzi wa kesho atapata kilicho kipya.

Muuzaji wetu, baada ya kusoma ripoti yake, anaweza kuandika hivi:

"Chanzo. Kwanza, chupa 80 kati ya 176 nilizonunua mwaka huu nilizinunua kwenye maduka ya rejareja na si kwa msambazaji. Sikuzikagua moja moja, na baadhi zilikuwa na stika za duka na maboksi yaliyokwisha funguliwa. Pili, niliziingiza ghalani kwa namba moja na zile za msambazaji. Tatu, sikuwa nasoma ripoti ya bidhaa zilizorudi. Chupa mbili zilizolalamikiwa zilirudishwa kwenye stoki na kuuzwa tena kama mpya.

Nilichokwisha kufanya. Tarehe 4 nimeagiza chupa zote 36 zilizobaki ziondolewe ghalani na zirudishwe kwangu. Namba ya agizo imeambatishwa. Sitaziuza tena Amazon. Wanunuzi wanne waliolalamika wamerudishiwa fedha. Namba za oda ziko hapa chini. Nimefunga orodha ya bidhaa hii. Nimeambatisha ankara mbili za msambazaji, za chupa 96, pamoja na simu na tovuti yake. Kwa chupa 80 zilizobaki nina risiti za rejareja tu, na nakiri kwamba hazikidhi masharti yenu.

Nitakachofanya. Nitanunua kwa wasambazaji walioidhinishwa pekee, na hakuna mzigo utakaoingia ghalani kabla ankara yake haijahifadhiwa. Kila chupa itakaguliwa boksi, lakiri na kifuniko kabla ya kutumwa. Kila Jumatatu nitasoma ripoti ya bidhaa zilizorudi. Bidhaa ikipata lalamiko la hali yake mara mbili, nitaifunga na kuondoa stoki yake ili niikague."

Kila sentensi humo inaweza kuhakikiwa. Namba ya agizo la kuondoa mzigo inaonekana kwenye mfumo wao. Oda zilizorudishiwa fedha zinaonekana. Msambazaji ana simu. Na kila hatua ya sehemu ya tatu inakibana chanzo fulani cha sehemu ya kwanza. Huo ni ukaguzi mzuri wa kujifanyia mwenyewe kabla ya kutuma: weka kidole kwenye kila chanzo ulichokitaja, kisha tafuta hatua inayokiziba. Chanzo kisicho na hatua, au hatua isiyo na chanzo, ni dalili kwamba bado hujajua kilichotokea.

Tazama pia kile ambacho barua haikusema. Haikulilaumu ghala, ingawa ghala lilikuwa na sehemu yake. Lawama hiyo ingekuwa ya haki kabisa, lakini ingempa mkaguzi sababu ya kuhisi kwamba muuzaji bado anatafuta mahali pa kuegemeza kosa. Haikusimulia maisha. Ukurasa mmoja umetosha. Barua utaituma kwa Kiingereza kama soko ni la Marekani au Uingereza, na sentensi fupi za namna hii huhimili tafsiri. Zile ndefu zilizojaa heshima na samahani hupotea njiani.

Barua hutumwa kupitia kitufe cha rufaa kwenye Account Health, mara moja, pamoja na nyaraka zake zote. Picha za ankara zisikatwe pembeni, zisiwe na giza, na majina ya faili yaseme kilichomo. Jibu linaweza kuja baada ya saa chache au baada ya wiki. Likisema kwamba maelezo zaidi yanahitajika, lisome neno kwa neno, maana mara nyingi linataja sehemu iliyopungua. Pengine chanzo kimekubalika na ankara haisomeki. Kurudisha barua ileile ni kupoteza nafasi, na kutuma tatu kwa siku kunachanganya shauri lenyewe. Afadhali usubiri siku mbili upate ankara safi kutoka kwa msambazaji.

Jambo ambalo halifai kabisa wakati wa kungoja ni kufungua akaunti nyingine kwa jina la mke, mume au kaka. Mtambo uliounganisha akaunti za mashemeji utaiunganisha na hiyo, na sasa utakuwa na mashauri mawili, la pili likiwa la kukwepa adhabu. Amazon inaruhusu mtu kuwa na akaunti zaidi ya moja akiwa na sababu halali ya kibiashara, lakini sharti ni kwamba zote ziwe na hali njema. Moja ikifungwa, nyingine ziko hatarini.

Rufaa ikigonga mwamba, njia zinategemea unauzia wapi. Anayeuza kwenye masoko ya Umoja wa Ulaya analindwa na kanuni ya 2019/1150, iliyoanza kutumika Julai 12, 2020. Inalitaka soko litoe sababu ya maandishi linapomsimamisha muuzaji, na kwa kawaida limpe taarifa ya siku 30 kabla ya kumfungia moja kwa moja, isipokuwa kwa makosa mazito au yanayorudiwa. Mwaka mmoja kabla, mamlaka ya ushindani ya Ujerumani ilikuwa tayari imeibana Amazon ibadilishe masharti yake katika jambo hilohilo. Marekani hakuna ulinzi wa upana huo, na mkataba wa muuzaji hupeleka migogoro mingi kwenye usuluhishi badala ya mahakama. Kwa mtu mwenye dola 900 zilizozuiwa, wakili wa usuluhishi atagharimu kuliko anachokidai. Kwa mwenye 40,000 hesabu ni nyingine.

Akaunti ikifunguliwa, bidhaa iliyoleta shauri inaweza kubaki imefungwa. Haya ni mambo mawili tofauti, na ukurasa wa Account Health unayaonesha kwenye mistari tofauti. Muuzaji wetu atarudishiwa haki ya kuuza vitu vyake vingine, huku orodha ya chupa za chai ikingoja ankara mpya inayokidhi masharti. Zile 36 zitamfikia nyumbani kwa makatoni kadiri ghala litakavyozikusanya, na ada ya kuziondoa inatozwa kwa kila chupa. Anaweza kuziuza ujiranini au kuzigawa. Kuzirudisha ghalani hawezi. Ameshaandika kwamba hatafanya hivyo, na barua hiyo imebaki kwenye kumbukumbu za akaunti yake.